Nanosekunde 400 kwenye waya mmoja

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, au pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, mikanda ya taa za rangi huuzwa ikiwa imeviringishwa kwenye magurudumu ya plastiki, na kwa mbali yote inafanana. Hesabu nyaya ndipo uone tofauti. Mkanda wa kawaida wa rangi una nyaya nne, mmoja wa chanya na mmoja kwa kila rangi, na taa zake zote hubadilika kwa mpigo mmoja: zikiwa nyekundu, zote ni nyekundu. Mkanda wa aina ya pili una nyaya tatu tu, yaani chanya, hasi na waya wa data. Huo ndio unaokubali kuambiwa taa ya 17 iwe nyekundu, ya 18 iwe kijani, na ya 19 izime.

Siri yake unaweza kuiona kwa macho. Chukua taa moja ya mkanda huo, iwe imezimwa, uiangalie kwa kioo cha kukuza. Ndani ya duara lake kuna vipande vitatu vidogo sana vinavyotoa mwanga wa kijani, nyekundu na buluu. Pembeni yake kuna kipande cha nne, cheusi, kilichounganishwa na wenzake kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hicho cheusi ni chipu. Kila taa ina ya kwake, na inayotumika zaidi inaitwa WS2812B, ya kampuni ya Worldsemi ya China.

Upande wa pili wa waya wa data kuna mikrokontrola, kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja, kama ile iliyo juu ya ubao wa Arduino Uno. Kazi yake ni kutuma namba. Kila taa inahitaji namba tatu, ya kijani kwanza, kisha nyekundu, kisha buluu, na kila namba ina biti nane. Jumla ni biti 24 kwa taa. Namba za taa zote hutumwa mfululizo kwenye waya uleule. Ni kama sinia la wali linalopitishwa kwenye safu ya wageni: taa ya kwanza inachota biti 24 zilizo mbele, inazibakiza kwake, na kila kinachofuata inampasia jirani. Jirani naye anachota zake. Waya ukikaa kimya kwa muda wa kutosha, taa zote hujua kwamba ugawaji umekwisha, na kila moja inaonyesha rangi iliyochota.

Ugumu hauko kwenye namba hizo. Uko kwenye namna ya kuzisema.

Kwenye mawasiliano mengi ya chipu kuna waya wa pili unaopiga saa: kila saa ikipiga, mpokeaji anasoma data. Mtumaji akichelewa, saa nayo inachelewa, hakuna kinachoharibika. WS2812B haina waya huo, kwa hiyo muda wenyewe umegeuzwa kuwa ujumbe. Kila biti ni mpigo mmoja: waya unapanda hadi volti 5, unakaa juu kidogo, unashuka. Ukikaa juu kwa takriban nanosekunde 400, hiyo ni sifuri. Ukikaa juu kwa takriban nanosekunde 800, hiyo ni moja. Mpigo na kimya chake vikijumlishwa hupata nanosekunde 1,250, na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji inaruhusu kukosea kwa nanosekunde 150 tu, juu au chini, kwenye urefu wa mpigo. Nanosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Katika nanosekunde 400, mwanga wenyewe unasafiri mita 120.

Sasa mpe kazi hiyo Arduino Uno. Chipu yake, ATmega328P, inapiga hatua milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo kila hatua ina nanosekunde 62.5. Biti nzima ni hatua 20. Sifuri inatakiwa ikae juu kwa hatua sita tu. Anayeanza kujifunza atatumia amri aliyofundishwa siku ya kwanza, digitalWrite, ya kuwasha na kuzima pini. Amri hiyo ni rafiki kwa sababu inakuangalizia mambo mengi: pini hii iko kwenye kundi gani, je, inatumiwa na kazi nyingine, na kadhalika. Ukaguzi huo unakula hatua zaidi ya hamsini, yaani zaidi ya nanosekunde 3,000, kabla pini haijabadilika. Kwa mwendo huo hutaweza kutamka sifuri hata moja. Kila mpigo utakuwa mrefu, kila biti itasomeka kama moja, na mkanda mzima utawaka mweupe kwa nguvu zake zote. Huo weupe ni dalili ya kukumbuka. Mkanda ukiwaka mweupe wakati umeomba rangi hafifu, sifuri zako ni ndefu mno.

Njia ya kutoka ni kuigusa pini moja kwa moja. Chipu hii ina amri za ndani zinazowasha au kuzima pini kwa hatua mbili tu, na ukiandika vizuri, programu ya kutafsiri itazitumia yenyewe. Hivi ndivyo biti moja inavyotumwa kwenye pini namba 8 ya Uno:

```
void tumaBiti(bool b) {
  cli();                              // zuia katizo
  if (b) {
    PORTB |= 1;                       // panda
    __builtin_avr_delay_cycles(11);
    PORTB &= ~1;                      // shuka
  } else {
    PORTB |= 1;
    __builtin_avr_delay_cycles(4);
    PORTB &= ~1;
  }
  sei();                              // ruhusu katizo
}
```

Hesabu ni nyepesi. Kwa sifuri, pini inapanda, inasubiri hatua nne, kisha amri ya kushusha inachukua hatua mbili: jumla hatua sita, nanosekunde 375. Kwa moja, ni hatua 11 na mbili, jumla 13, karibu nanosekunde 812. Zote ziko ndani ya mipaka. Muda wa kimya haujapimwa popote, na hilo limeachwa kwa makusudi, maana kazi ya kuandaa biti inayofuata inatosha kuujaza. Kwa nini tuwe wakali hapa na wazembe pale, nitarudi.

Kwanza hizo amri mbili, cli na sei. Mikrokontrola haifanyi kazi moja tu. Kuna mambo yanayoikatiza: saa yake ya ndani imefikia ukomo, au herufi imeingia kutoka kwenye simu. Linapotokea, inaacha ilichokuwa ikifanya, inashughulikia katizo, kisha inarudi pale ilipoachia. Kwenye Uno, katizo la saa linaloendesha millis() huja kila baada ya milisekunde 1.024 na huchukua mikrosekunde kadhaa. Kwa kazi nyingi hulioni. Lakini likiingia katikati ya mpigo wa sifuri, mpigo uliotakiwa kuwa wa nanosekunde 375 unageuka kuwa wa 6,000, na sifuri inasomeka kama moja. Taa moja mahali fulani inameta rangi ambayo hukuiomba, mara moja, kisha inatulia. Kumulika huko kusiko na mpangilio ndiko kunakowapeleka watu kununua mkanda mwingine, wakati mkanda hauna kosa.

Maktaba za programu zinazotumiwa sana, kama ile ya Adafruit, zimetatua hilo kwa ukali: zinazuia makatizo yote tangu biti ya kwanza hadi ya mwisho. Mkanda unapendeza. Gharama yake inalipwa kwingine, na haionekani mpaka taa ziwe nyingi.

Tuseme kinyozi anataka kibao cha jina lenye taa 144, na anataka kubadilisha rangi kutoka kwenye simu kwa moduli ya Bluetooth inayotuma herufi kwa kasi ya 9,600. Kila taa inachukua mikrosekunde 30, kwa hiyo mkanda mzima ni milisekunde 4.32. Kwa muda wote huo Uno ni kiziwi. Kwa kasi ya 9,600, herufi moja huingia karibu kila milisekunde moja, kwa hiyo nne zinaweza kufika wakati masikio yamezibwa. Chipu ina nafasi ya kuhifadhi mbili, na ya tatu inaweza kungoja mlangoni. Ya nne ikifika, mojawapo imepotea. Kinyozi anatuma NYEKUNDU, kibao kinapokea NYEUNDU, na kwa kuwa hakuna rangi ya jina hilo, hakifanyi kitu. Anatuma tena, safari hii inakubali. Atalalamikia simu, kisha moduli, kisha atalaumu umeme.

Kibao hichohicho kikiwa kinabadilisha picha mara 30 kwa sekunde, saa nayo inaharibika. Ndani ya milisekunde 4.32 katizo la saa linatakiwa kutokea mara nne hivi, lakini chipu inakumbuka moja tu lililokosa nafasi, mengine yanafutika. Ukipiga hesabu, millis() inachelewa karibu asilimia 10, yaani dakika sita kwa kila saa. Kibao kilichoambiwa kizime taa baada ya saa tano kitazizima kwa kuchelewa zaidi ya nusu saa. Huwezi kulikamata kosa hili kwa kusoma programu, kwa sababu kila mstari ni sahihi.

Sasa turudi kwenye ule ukali na uzembe. Karatasi ya mtengenezaji inaorodhesha mipaka minne, ya juu na ya chini kwa kila biti, kana kwamba yote ina uzito sawa. Mwaka 2014 mhandisi Josh Levine alichapisha vipimo vyake vya chipu hizi, na alichokionyesha ni kwamba sharti lililo kali kwelikweli ni moja: mpigo wa sifuri usizidi takriban nanosekunde 500. Mpigo wa moja ukirefuka, bado ni moja. Kimya kati ya biti kikirefuka, taa inangoja tu. Ukiifikiria kwa upande wa chipu, inaeleweka. Waya ukipanda, inasubiri kidogo, kisha inatazama: bado uko juu, au umeshashuka? Jibu hilo ndilo biti. Baada ya hapo haina haja ya kujua waya ulikaa chini kwa muda gani, ila tu kama umekaa kiasi cha kumaanisha kwamba ujumbe umekwisha.

Ndiyo sababu kodi ile ya juu inazuia makatizo kwa mpigo mmoja tu na kuyaruhusu mara waya unaposhuka. Katizo lolote litaingia kwenye kimya, mahali ambapo kuchelewa hakuharibu neno. Herufi za simu zinasomwa kati ya biti na biti, na saa haipotezi hata katizo moja.

Kuna mtego mmoja. Kimya kirefu kinamaanisha mwisho, na urefu huo umebadilika kadiri chipu zilivyotengenezwa upya. Karatasi za zamani zinasema mikrosekunde 50, lakini vipimo vya Levine vilionyesha kwamba chipu za wakati ule ziliweza kukata ujumbe baada ya mikrosekunde sita hivi. Matoleo mapya yanataka kimya cha mikrosekunde 280 au zaidi. Kwenye mkanda mpya, katizo la mikrosekunde sita halina madhara. Kwenye wa zamani linaweza kuukata ujumbe katikati, na hapo taa zinafanya jambo la ajabu: zilizokwisha kupokea zinaonyesha rangi zao, kisha biti zilizobaki, ambazo zilikuwa za taa za mwisho, zinaanza kugawiwa upya kutoka taa ya kwanza. Rangi za mkiani zinajitokeza kichwani. Ukiona hivyo, tatizo ni kimya kirefu, si mpigo mrefu. Na kinyume chake, programu ya zamani inayongoja mikrosekunde 50 kati ya picha na picha inaweza kukataliwa na mkanda mpya, kwa sababu mkanda haujajua kwamba picha ya kwanza imekwisha.

Kwa maoni yangu, anayenunua ubao leo kwa ajili ya kazi hii asihangaike na hesabu ya hatua. Aikwepe. Chipu za siku hizi zina sehemu za pembeni zinazoweza kupiga mpigo bila kumsumbua bwana mkubwa, na iliyo safi kuliko zote, kwangu mimi, ni ya RP2040, chipu ya ubao wa Raspberry Pi Pico iliyotoka mwaka 2021. Ndani yake kuna mashine ndogo nane, jina lake PIO, zenye amri tisa tu, na kila amri inachukua hatua moja kamili ya saa, isipokuwa umeiambia ingoje. Hakuna katizo linaloigusa. Programu nzima ya WS2812B ni mistari minne:

```
bitloop:
    out x, 1       side 0 [3]
    jmp !x do_zero side 1 [2]
    jmp bitloop    side 1 [2]
do_zero:
    nop            side 0 [2]
```

Mstari wa kwanza unachukua biti moja, waya ukiwa chini. Wa pili unapandisha waya na kuuliza: hii ni sifuri? Kama ndiyo, unarukia mstari wa mwisho unaoshusha waya. Kama siyo, mstari wa tatu unaacha waya juu kwa muda zaidi. Namba zilizo kwenye mabano ni hatua za kungoja baada ya hatua ya amri yenyewe, kwa hiyo mistari inachukua hatua nne, tatu, tatu na tatu. Biti yoyote inapita mistari mitatu: hatua 10 kamili. Ukiiendesha mashine hiyo kwa hatua milioni nane kwa sekunde, kila hatua ni nanosekunde 125. Sifuri inakaa juu hatua tatu, nanosekunde 375. Moja inakaa hatua sita, 750. Chipu kuu inamwaga namba za rangi kwenye foleni na kwenda kushughulikia simu ya kinyozi.

ESP32 nayo ina sehemu yake, RMT, iliyobuniwa kwa ajili ya rimoti za televisheni. Inafanya kazi, ila kumbukumbu yake ni ndogo na lazima ijazwe tena na tena wakati ujumbe unaendelea. Wi-Fi ikishika kasi, ujazaji unaweza kuchelewa na mkanda ukababaika. Kwenye chipu isiyo na sehemu ya aina hiyo, watu hutumia mlango wa SPI kwa hila: kila biti ya rangi inaandikwa kama biti tatu, 100 kwa sifuri na 110 kwa moja, na mlango unaendeshwa kwa kasi ya 2.4 MHz. Kila theluthi ni karibu nanosekunde 417, na mpigo unapatikana wenyewe. Kwa taa 144 hilo linataka baiti 1,296 za kumbukumbu badala ya 432.

Ubao mpya, hata hivyo, unaleta ugonjwa mpya unaofanana sana na ule wa muda. Uno hutoa volti 5. Pico na ESP32 hutoa 3.3. WS2812B inahesabu waya kuwa juu pale unapofika asilimia 70 ya umeme inaopewa, na asilimia 70 ya volti 5 ni 3.5. Kwa karatasi, haitakusikia kabisa. Kwa vitendo mara nyingi inasikia, hasa waya ukiwa mfupi, na hapo ndipo mtu anadanganyika: mezani mkanda unawaka vizuri, ukutani, wenye waya wa mita mbili, unababaika.

Namna ya kuutofautisha na ugonjwa wa muda ni kuitazama taa ya kwanza. Kila chipu, kabla ya kumpasia jirani, huutengeneza mpigo upya kwa umeme wake na kwa muda wake. Kwa hiyo ishara dhaifu ina nafasi ya kukosewa mahali pamoja tu, mlango wa taa ya kwanza. Taa hiyo ikibabaika na nyingine zikifuata mkumbo, shuku volti. Mwisho wa mkanda ukigeuka wa manjano au mwekundu wakati umeomba nyeupe, hiyo si data wala muda. Umeme umepungua njiani, maana kila taa ikiwa nyeupe kabisa inaweza kunywa hadi miliampea 60, na 144 zinakaribia ampea tisa. Ulishe mkanda pande zote mbili.

Dawa ya volti ni chipu ya kupandisha ishara, na 74AHCT125 inatosha. Usichukue ya kawaida isiyo na herufi T, kwa kuwa hiyo nayo itadai volti 3.5 kama mkanda wenyewe. Ukiikosa dukani, kata taa moja kutoka kwenye mkanda, iweke mbele ya zote, na uipitishie chanya yake kwenye dayodi ya kawaida kama 1N4001. Dayodi inapunguza kama volti 0.7, taa hiyo inabaki na 4.3, na asilimia 70 ya hizo ni takriban 3.0. Sasa 3.3 za Pico zinatosha, na ishara inayotoka upande wa pili ina volti za kutosha kusikika na taa zinazofuata. Weka na rezista ya omu 330 kwenye waya wa data, karibu na taa hiyo. Ikiwa bado inababaika, kagua waya wa hasi. Pawa saplai ya mkanda na ubao lazima vishiriki hasi moja, la sivyo chipu haina pa kuanzia kupima kwamba waya wa data uko juu au chini.